Mama Stoo na Njia ya Uzoefu

Kwa hasira tu, Mama Stoo aliomba kusoma shahada ya uzamili. Asikudanganye mtu kwamba ni kiu ya elimu. Baba yake alikuwa amelazwa katika hospitali ileile ambako yeye anasimamia stoo ya dawa na vifaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na daktari alipoingia wodini kueleza hali ya mgonjwa, mdogo wake, Mwalimu, alimgusa bega akasema, "Dada, tuachie sisi tuliosoma tuzungumze." Mama Stoo akatoka. Alisimama koridoni, akaapa kwamba atamkomoa.

Mwalimu ana digrii, ya daraja la chini kabisa. Alipotoka chuoni aliomba kuendelea, akakataliwa, na aibu ikamziba mdomo, hakuuliza tena. Uzamili ndicho kitu pekee alichokitaka akakikosa. Mama Stoo alilijua hilo, na ndiyo maana akakitaka yeye. Digrii ya kwanza hakuwa nayo, ila alisikia kazini kwamba chuo kikuu cha mjini kina mlango mwingine kwa watu wa aina yake: njia ya uzoefu, inayopima ulichojifunza kazini.

Akapeleka ushahidi wake kwa mshauri wa udahili, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Faili lilishiba: vyeti vya semina, barua za pongezi, picha akipokea saa ya ukutani. Mshauri alilipekua, akalisukuma mezani.

"Hapa naona miaka uliyokaa. Ulichojifunza kiko wapi?"

"Si hivyo vyeti?"

"Vyeti vinasema ulihudhuria, mama. Sisi tunapima kama unajua kile anachojua mtu mwenye shahada ya kwanza. Chukua malengo ya kozi. Kwa kila lengo, nionyeshe kazi uliyoifanya wewe, ulifikiri nini, na ungebadilisha nini leo. Halafu mwajiri athibitishe, na jopo litakuhoji."

Kisha, akimsindikiza mlangoni, mshauri akaongeza jambo ambalo Mama Stoo hakumwuliza: hata wenye digrii dhaifu siku hizi chuo huwapokea, wakiwa na uzoefu mzuri wa kazi. Mama Stoo akaitikia kwa kichwa. Hilo halikumhusu.

Aliandika upya hadi vidole vikamuuma. Aliandika jinsi alivyokadiria mahitaji ya glavu msimu wa mlipuko wa ugonjwa, na jinsi makadirio yake yalivyokosea kwa sababu aliamini takwimu za mwaka uliopita bila kuuliza wodi. Kila alipochoka alikumbuka ule mkono begani, akaendelea. Mwalimu aliposikia, alicheka kwenye simu. "Dada, hiyo si ni kuruka ukuta? Wengine tulipita mlangoni."

"Ulipita ukaishia sebuleni," akajibu, akakata simu.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Walimbana kuhusu makadirio, kuhusu wauzaji wanaochelewesha mzigo, wakampa makala aisome palepale na kuikosoa. Jasho lilimtoka. Mwishoni mwenyekiti akauliza, "Kwa nini sasa?"

Alikuwa amekariri jibu zuri. Likamtoroka. "Mdogo wangu aliniambia nikae kando wasomi wazungumze."

Wakacheka, mwenyekiti pia. "Tasnifu ni ndefu, mama. Hasira ikiisha katikati?"

"Haitaisha. Namjua yule."

Walimpokea, kwa sharti la kusoma kwanza somo moja la takwimu. Alilia kwa furaha stooni, katikati ya maboksi ya sindano, akanawa uso, akampigia baba. Baba, aliyekwishapona na kurudi nyumbani, akawatangazia wote.

Jumapili Mwalimu akaja kwa dada yake. Hakuja kugombana. Aliosha vyombo bila kuombwa, akapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa, kisha akasema akiangalia sinki, "Dada, eti... mtu mwenye digrii yenye alama kama zangu, wanamfikiria?"

Mama Stoo alimtazama mgongoni. Ulikuwa mgongo wa mtu aliyenyenyekea, na alikuwa ameusubiri muda mrefu. Maombi ya njia ya uzoefu yalifungwa mapema kwa sababu ya tathmini. Ya kawaida, ya wenye digrii kama Mwalimu, yalikuwa yamebakiza wiki mbili kufungwa. Jina la mshauri alilijua, na ofisi yake pia.

"Nadhani wameshafunga," akasema. "Jaribu mwakani."

"Mwakani," mdogo wake akarudia kwa sauti ndogo. "Asante, dada."

Ilikuwa tamu kuliko barua ya chuo. Mama Stoo aliona haya kidogo, si sana, akamwambia sufuria ile kubwa bado ina masizi.