Dada Povu na Hesabu ya Safari

Dada yangu wanamwita Dada Povu, na si kwa sababu ya sabuni peke yake. Mteja akimwambia shati lake halijatakata, atalirudisha mbele ya watu na kumwambia, "Shati limetakata, shingo yako ndiyo haijatakata." Wateja wanacheka, wanalipa, na kesho wanarudi. Mimi ni mdogo wake wa kuzaliwa naye, na kwa miaka thelathini na nne nimeoshwa bila sabuni.

Anafua nguo kwa malipo katika chumba kimoja kinachotazama geti la yadi ya malori, dakika kumi kwa mguu kutoka bandarini. Wateja wake ni madereva, makarani wa mizigo na vibarua wa melini. Ukutani kapigilia misumari mistari mitatu, kila mteja na msumari wake. Mtu akileta nguo, dada anaandika tarehe kwenye kikaratasi, anakipasua, nusu anampa mteja na nusu anaichoma msumarini. Hakitupi hata kimoja. Nilimwambia chumba kinafanana na duka la mchinjaji lililoishiwa nyama. Alinirushia kibanio cha nguo, kikanipata sikioni.

Siku hizo nilikuwa sina kazi. Kampuni niliyokuwa naendeshea lori ilifunga milango, na baba mkwe akaja kuwachukua mke wangu na binti yetu. Hakugombana na mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Mkwe, ukipata kazi ya kueleweka, njoo uwachukue. Shule zikifunguliwa kabla hujaja, mtoto ataandikishwa huku kwetu." Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaanza kuisalimia redio.

Basi nilitembea. Leseni ya magari makubwa ninayo, mikono ninayo, na mdomo Mungu alinizidishia. Wiki ya pili nikarudi kwa dada nikijiona mfalme, maana nilikuwa na kazi tatu za kuchagua.

"Ya kwanza," nikamwambia, "ni hapo yadi mbele yako. Kupeleka makontena nchi jirani. Laki tatu na nusu kwa safari! Meneja kasema safari nne kwa mwezi. Piga hesabu, dada. Milioni na laki nne!"

"Ya pili?" Alikuwa anasugua kola, hakuinua hata kichwa.

"Kuendesha trekta la makontena ndani ya bandari. Elfu thelathini kwa zamu."

"Ya tatu?"

"Hiyo hata aibu kuitaja. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Unaendesha kilori chao cha tani saba, unachukua mzigo bandarini ukishalipiwa ushuru, unaupeleka kwa mwenyewe hapahapa mjini. Laki tano kwa mwezi. Wakishakata pensheni na kodi, mkononi laki nne na nusu. Mimi, mtu wa tela, nikaendeshe kibajaji kilichonenepa?"

Dada akakamua ile kola kana kwamba ni shingo yangu. "Hiyo laki tatu na nusu, posho imo au haimo?"

"Imo. Laki moja ni posho ya njiani."

"Kwa hiyo mshahara ni laki mbili na nusu. Posho utaila njiani, na ukikaa siku nyingi itakula na wewe. Haya, safari nne kakwambia nani?"

"Meneja!"

"Meneja anaendesha lori?"

Akajifuta mikono, akanivuta hadi mstari wa kwanza wa misumari. Hao walikuwa madereva wa yadi ileile. Wote huacha nguo za safari kwake wakishuka tu garini, maana wake zao wamekataa kuzipokea. Akavua vikaratasi vya dereva mmoja anayeitwa Kamanda, akanipa. "Miezi mitatu hiyo. Hesabu."

Nikahesabu. Vitano. Nikahesabu tena, pengine viwili vimegandana. Vitano!

"Labda anafua huko njiani," nikasema.

"Kamanda? Afue?" Dada alicheka mpaka akashika meza.

Kwa bahati mbaya yangu, Kamanda mwenyewe aliingia kuchukua nguo. Huyu ndiye aliyenipa kichaa cha safari. Kila nikikutana naye anazungumzia barabara kama shamba la urithi. Dada hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Kamanda, mwezi uliopita ulikwenda safari ngapi?"

"Aa, nne, tano hivi…" Akaona vikaratasi mkononi mwangu. Akakohoa. "Moja."

"Moja?" nikapiga kelele. "Siku nyingine ulikuwa wapi?"

"Mpakani, ndugu yangu. Siku kumi na moja kwenye foleni, karatasi za mzigo zina kosa. Nikarudi, nikakaa yadini siku nane nasubiri kontena. Lori likisimama, hulipwi. Unalipwa likifika." Akachukua mfuko wake, akaongeza kwa sauti ndogo, "Usimwambie mtu. Mtaani wananiheshimu."

Nilikasirika, sikatai. Nilimkasirikia Kamanda na meneja, na dada kuliko wote, kwa kuwa alikuwa sahihi. Safari tano mara laki mbili na nusu, ukigawa kwa miezi mitatu, hazifiki laki nne na elfu ishirini kwa mwezi. Milioni yangu ilikuwa imefia msumarini.

"Basi nachukua zamu," nikasema. "Bandari hailali."

"Bandari hailali, lakini wewe utalala. Hujaajiriwa, unaitwa meli ikiwepo." Akagonga msumari wa mstari wa pili. "Huyu mwezi uliopita aliitwa zamu kumi na moja tu. Siku nyingine alifika getini alfajiri, jina halikusomwa, akarudi na nauli imekwenda. Nguo zake zilikuja safi, nikamrudishia. Kumi na moja mara elfu thelathini ni ngapi?"

"Laki tatu na thelathini."

"Mstari wa tatu usiuguse, uangalie tu."

Mstari wa tatu ulikuwa wa watu wa ile kampuni ya forodha. Vikaratasi vilijaa, Jumamosi kwa Jumamosi, havikuruka hata wiki moja. Lazima niseme ukweli, vilichosha macho. Havikuwa na sifa yoyote ya kusimulia kijiweni.

"Mdogo wangu," dada akasema, na safari hii povu halikuwepo, "kiburi chako nakijua, nimekilea mwenyewe. Lakini baba mkwe hakukwambia upate kazi ya kusifiwa. Alisema ya kueleweka."

Nilikwenda nikasaini kazi ya kile kilori, na nilipofika kwenye mstari wa sahihi nilihisi kama ninajishusha cheo mwenyewe. Kabla sijasaini niliuliza maswali ya dada yote: mkononi ni ngapi, siku gani ya mwezi, na mzigo ukikwama forodhani nalipwa au silipwi. Mama mmoja wa ofisini akaniangalia juu ya miwani. "Mshahara ni wa mwezi. Mzigo ukikwama, unakwama wenyewe."

Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa sebuleni kwa baba mkwe, barua ya kazi mikononi mwake. Anasoma polepole, yule mzee, kila neno analipitia kama mtu anayechambua mchele. Binti yangu alinikalia mapajani akashika kidevu changu.

"Baba, ukienda na lori unalala siku ngapi?"

"Silali huko. Nikitoka asubuhi, jioni narudi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Baba mkwe alikuwa bado ukurasa wa kwanza. Mke wangu hakumsubiri amalize. Alikuwa ameshaingia chumbani, na kutoka sebuleni tukasikia zipu ya begi.