Bodi ya Dada na Kitufe cha Nyuma

Dada yangu alikuja kwenye fremu yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Misugusugu kutoka Kisarawe, kaipakata bodi ya kompyuta yake kama kichanga. Anahariri video za harusi. Alikuwa amenunua prosesa mpya, na kwa pupa akaiuza ya zamani kabla hajajua kama bodi itaikubali hii mpya. Haikuikubali. Kioo kilibaki cheusi, na mama wa bibi harusi alikuwa anapiga simu akitaka video yake, la sivyo kazi atampa mtu mwingine.

"Dukani wamesema niwashie prosesa ya zamani, ndipo nibadilishe programu ya bodi," alisema. "Nitaitoa wapi, mdogo wangu?"

Nilitaka kumgombeza, nikameza. Nyuma ya bodi, karibu na matundu ya flashi, palikuwa na kitufe kidogo. Kitufe hicho huingiza programu mpya hata kama prosesa haipo kabisa. Nilishusha mtandaoni faili la programu ya bodi ileile, nikalipa jina ambalo kijitabu chake kinataka, nikalitia kwenye flashi, nikaichomeka kwenye tundu lake maalumu na kuunganisha nyaya za umeme.

Kilichonitia wasiwasi ni jirani. Fundi mageti wa fremu ya pili akianza kuchomelea, taa zetu hufifia, na siku nyingine umeme hukatika kabisa. UPS yangu, ile ya kushikilia umeme ukikatika, ilishakufa betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inaweza kubaki na programu nusu. Nikaenda kumwomba apumzike kidogo. Akazima mashine yake.

Nikakibonyeza kitufe, nikakishikilia. Taa ikaanza kupepesa. Tulikaa tunaitazama, roho juu juu. Simu ya dada ikaita, akaigeuza kifudifudi.

Mara nikasikia sauti ya mzee mmoja nje, mteja wa fundi mageti. "Fundi, umekaa tu? Geti langu nalitaka leo."

"Shikamoo mzee. Vumilia kidogo, hapo jirani kuna mgonjwa katundikiwa dripu," fundi mageti akamjibu.

"Marahaba. Pole yake." Mzee akachungulia mlangoni kwangu kumpa pole mgonjwa, akakuta wanawake wawili wanaitumbulia macho bodi. Nilikosa hata pa kuuficha uso. Naye akabaki pale mlangoni anatazama.

Taa ikazimika.

"Imekufa," dada akasema, akanishika mkono kwa nguvu.

"Ikimaliza ndivyo inavyokuwa." Nilijikaza kusema, ingawa na mimi nilikuwa nimeogopa. Nikachomoa umeme, nikapachika prosesa mpya, feni na memori, nikawasha. Kioo kilibaki cheusi kwa muda, nikaanza kuhesabu madhambi yangu. Kisha maandishi yakatokea, jina la prosesa mpya likiwemo.

"Mgonjwa kapona?" mzee akauliza.

Simu ya dada ilikuwa inaita tena. Akaigeuza, akafuta machozi kwa kiganja, akapokea.

"Shikamoo mama. Ndiyo, mimi mwenyewe. Video ya harusi utaipata."