Kiwanda Kilichofagiliwa

Mume wangu alizaliwa pwani, na mtu wa kwao hapokei mgeni kwenye uchafu. Nalisema hili mapema, msije mkamwita mjinga. Mjinga hakuwa.

Kiwanda chetu cha sweta za shule kiliungua mwanzoni mwa miaka ya sabini. Paa liliporomoka, mashine zote za kufuma zikabaki vyuma vyeusi. Kampuni ya bima, yenye ofisi katikati ya mji, ilikubali kwamba moto ule ilikuwa juu yao kuulipa. Lakini kumaliza hesabu ya hasara yote kungechukua miezi, na shule zilikaribia kufunguliwa. Tukaomba watutangulizie sehemu, wataikata kwenye malipo ya mwisho, tupate japo mashine chache tuwashe kazi. Wakasema sawa, ila mkadiriaji wa hasara aje kwanza ajionee.

Basi! Kusikia mgeni anakuja, mume wangu akawaita wafumaji wote. Wakazoa majivu, wakafagia, wakapiga deki. Mashine zilizoungua akawapa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wazibebe tu. Mimi nilikuwa nyumbani, karibu na maduka ya Adams Arcade, namkaangia mahamri mgeni huyo huyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa.

Mkadiriaji alikuwa kijana mpole, mtu wa Ukambani. Alisimama mlangoni akaitazama ile sakafu.

"Mzee, mashine ziko wapi?"

"Nimeziondoa. Ungekanyaga wapi, mwanangu, kwenye takataka zile?"

"Na risiti za kuzinunulia?"

"Ziliungua na ofisi."

"Jengo naliona, nitapendekeza mlipwe sehemu yake. Mashine siwezi, mpaka waliowauzia huko ng'ambo wathibitishe. Mzee, hamkupaswa kuondoa kitu kabla sijaona."

Nami nilikuwa nimeyaleta mahamri kiwandani, nikamkaribisha. Akala moja kwa heshima tu, nikaona halishuki.

Tuliwakimbilia wale wa vyuma huko mjini, barabara ya River Road. Wakasema vimekwisha kuyeyushwa. Nililia kwa hasira palepale barabarani. "Baba watoto, hata masizi umeyafuta! Nani kakutuma?" Maskini mume wangu, mpaka leo maneno yale yananiuma.

Malipo ya awali yakaja, ya jengo peke yake. Tukaezeka mabati mapya. Barua ya ng'ambo ilipofika, na bima ikatulipa hasara ya mashine pia, shule zilikuwa zimeshanunua sweta kwingine, na wafumaji, waliokuwa wakipita kila asubuhi kuuliza kazi, walikuwa wametawanyika.

Kabla hatujauza jengo, nilimpelekea mume wangu chakula huko. Nilimkuta peke yake chini ya paa jipya, kanzu ameipandisha, anafagia sakafu tupu.

"Leo anakuja nani?" nikamwuliza, kwa upole safari hii.

"Wafumaji," akasema. "Huenda wakarudi, wasikute uchafu."

Nikaweka chakula chini, nikashika ufagio wa pili.