Robo ya Sahani ya Mama Vifungo

Mama Vifungo ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu akiona kifungo chako kimelegea hana simile, atakishona papo hapo ukiwa umevaa shati. Siku ya kwanza alipoingia kliniki yetu ya kisukari alinitazama juu mpaka chini, akasema koti langu jeupe linapwaya mabegani. Nikampenda.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutazama picha za sahani. Mgonjwa hupiga picha kabla ya kula, hunitumia kwa simu, nami hukisia sukari yake itapanda kiasi gani. Naangalia wanga ni wa aina gani, maana wali mweupe hupandisha sukari haraka kuliko maharage. Naangalia wingi wake. Kisha natafuta yai, samaki au nyama, vitu vinavyopunguza kasi ya ule wanga kuingia kwenye damu. Ni makisio tu, na wagonjwa nilikuwa nawaambia hivyo. Mwenyewe nilishaanza kuyaamini kama mizani.

Mama Vifungo alikuwa anajichoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, dawa inayoendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, kwa dozi ambayo daktari aliipanga kulingana na chakula alichozoea. Hata hivyo, akipima baada ya mlo wa mchana, alikuta sukari kumi na tatu, kumi na nne, wakati inatakiwa isizidi kumi. Kwenye darasa la wagonjwa nikawaambia wote wanunue sahani ndogo. Wengi waliitikia kwa vichwa tu. Mama Vifungo alitoka pale akapitia sokoni.

Mimi nikasahau hata kuwa nilisema. Picha zake zilipoanza kuja, amezipiga kwa karibu, sahani imejaa kioo chote cha simu, niliona wali umefunika nusu nzima. Kichwani mwangu ilikuwa sahani kubwa ile ya kawaida.

"Mama, wali bado mwingi. Uwe robo ya sahani," nilimwandikia.

"Sawa, mwanangu," alijibu.

Sukari ikashuka hadi saba, kisha tano. Nikavimba kichwa. Nilimwonyesha muuguzi wetu zile picha, nikajisifu mchana kutwa. Kumwambia daktari aitazame upya ile dozi, hilo halikunijia kabisa.

Alhamisi moja, saa kumi alasiri, mkwewe anayeshona naye alimleta kliniki akiwa amemshika kiuno. Mama Vifungo alikuwa anapiga pasi kola, akaanza kutokwa jasho na kuongea ovyo, kisha akalegea, na kiganja cha kulia kikalalia pasi ya moto. Kipimo chao cha sukari kilisoma mbili nukta nne, chini mno. Mkwewe alimnywesha soda kidogo kidogo, kwa kuwa bado aliweza kumeza, akili zikamrudia. Kiganja kilikuwa kimebabuka chote.

Muuguzi alipokuwa anamfunga bendeji, mkwewe alifungua kikapu ili mama ale. Akatoa sahani. Niliitambua kwa ukingo wake wa bluu, nimeshaiona pichani mara ishirini. Ilikuwa kisahani cha kuwekea kikombe cha chai, au kikubwa kuliko hicho kidogo tu. Robo yake haifiki vijiko vitatu vya wali.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia palepale, mbele ya muuguzi na mkwewe, "Mama, kosa ni langu. Sahani ulinunua kwa neno langu, halafu nikaisoma kama ile kubwa. Nimekushindisha njaa ukiwa na insulini mwilini."

"Kila alasiri nilikuwa natetemeka," alisema. "Nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Mkwe wangu aliniambia niongeze wali, nikamkatalia. Nilimwambia, mtaalamu anaiona sahani."

Afadhali angenitukana.

Daktari alipunguza dozi, nami nikamrudishia wali wake, nikamwelekeza aweke kijiko kando ya sahani kila anapopiga picha, nipate kujua ukubwa. Kuhusu mkono, daktari alisema ni wiki sita, na kukunja vidole vyote bado si jambo la kuahidi. Umebaki mwezi mmoja tu shule zifunguliwe. Mkwewe anashona peke yake.

Jumamosi nilikuwa nafua, simu iko chumbani. Niliposhika simu nilikuta picha yake, imepigwa upandeupande kwa mkono wa kushoto: wali, maharage, yai, kijiko pembeni. Ilikuwa imekaa dakika arobaini bila kujibiwa. Chini yake aliandika, "Naweza kula?"

Nikampigia. Aliitika mara moja.

"Umeshakula, Mama?"

"Bado," alisema. "Nakusubiri wewe."