Gemu la Ziwa Ambalo Frida Alilikataa

Vijana wa Ujiji hawakununua gemu la kompyuta kabla Frida hajaliona. Alikuwa na chumba cha kuchezea gemu mtaa wa Kasingirima, mashine chache na intaneti ya kusuasua, na wateja wake walichanga pesa kununua gemu za pamoja. Waliwahi kuumwa na nyoka: walichangia gemu la vita lililouzwa likiwa bado linatengenezwa, watengenezaji wakatoweka likiwa nusu. Tangu hapo neno la Frida ndilo lililokuwa la mwisho.

Kaka yake, Leonardi, hakuwa mchezaji. Alikuwa mvuvi wa dagaa kijijini Ilagala hadi figo zilipomshinda. Alirudi mjini amevimba uso na miguu, akawa anashinda kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha mdogo wake, akitazama vijana wakicheza. Siku moja aliona kwenye skrini tangazo la gemu la mashua ziwani: alfajiri, ukungu, mtu peke yake na nyavu zake.

"Frida, hili lipo?"

"Linauzwa, kaka, ila halijaisha."

"Ninunulie."

Amosi, kijana aliyekuwa akitunza michango, alisema wenzake wameridhia. Mzee Leonardi ni mtu wao. Lakini Frida alifungua ukurasa wa gemu dukani, akaanza kulikagua kama kawaida yake.

"Tazameni. Waliahidi kulimaliza ndani ya mwaka mmoja. Huu ni wa tatu. Duka lenyewe limeweka onyo kwamba watengenezaji hawajaongeza kitu kwa muda mrefu." Akashuka kwenye maoni ya wanunuzi. "Ya zamani yote sifa. Ya karibuni watu wanalia: ukihifadhi mchezo, kesho huukuti. Wameulizwa, hawajibu. Na gemu lao la kwanza? Nalo waliliacha njiani."

"Labda watarudi," Amosi alisema.

"Labda hainunuliwi. Unanunua kilichopo leo. Kama kilichopo leo hakitoshi, usilipe kwa sababu ya ahadi."

Leonardi alisogeza kiti karibu na skrini. "Leo kuna nini humo?"

"Mashua moja na kipande cha ziwa. Basi. Ukienda mbali unakuta maji yamekatika kama ukuta."

"Kipande kinanitosha."

"Kaka, mchezo wenyewe unaisha baada ya saa mbili tatu. Na ukishapitisha saa mbili za kucheza, duka halikurudishii pesa kirahisi."

"Saa mbili kwangu ni nyingi," Leonardi alisema.

Amosi akainamisha kichwa. Frida alisikia, ila pesa ilikuwa ya watu na jina lilikuwa lake. Alifunga ule ukurasa. "Nitakutafutia la mashua lililokamilika."

Alilipata, zuri, halina kasoro. Lilikuwa la meli kubwa za mizigo baharini. Leonardi alilicheza kidogo kwa adabu, kama mgeni anayekula chakula asichokipenda, kisha akarudisha kipanya mezani. "Asante, mdogo wangu. Hii ni kazi ya watu wengine." Hakuliulizia tena lile la ziwa.

Masika hayajaisha, akazidiwa. Walimzika Ilagala, udongo ukiwa mzito kwa mvua, na mama yao Verediana akishikiliwa na wanawake pande zote mbili.

Frida alipofungua tena chumba, Amosi aliingia mbio na simu mkononi. Watengenezaji walikuwa wametangaza kwamba wameacha kazi. Gemu la ziwa limeondolewa dukani. Aliyenalo abaki nalo lilivyo.

"Da Frida, uliona mbali! Pesa zetu zingeliwa tena!"

Vijana wakapiga makofi. Mmoja alisema dada huyu anastahili kulipwa kwa ushauri wake. Frida aliichukua ile simu, akausoma ule ukurasa mpaka chini, akatafuta kitufe cha kununua. Hakikuwapo. Alikuwa amepima kila kitu sawasawa: ahadi, ukimya, maoni, kazi iliyotangulia. Kilichokuwamo siku ile alikipima pia, akakiona hakitoshi, na mwenye kukitaka alikuwa amekaa pale pale akimwambia kinatosha.

"Da Frida, unatafuta nini?"

Akamrudishia simu. Aliwaambia chumba kimefungwa kwa leo. Walidhani anatania, mpaka alipoanza kuzima mashine moja baada ya nyingine, michezo yao ikiwa katikati.