Wifi Nje ya Darasa

"Wifi, ada yangu umeila na mlango umenifungia!" mke wa kaka yake alifoka kwenye simu.

Fundi cherehani aliyepigiwa alikuwa akifundisha ushonaji mtandaoni. Kifurushi cha programu aliyolipia kiliruhusu watu mia tano kujiandikisha, lakini mia moja tu kuwa ndani ya darasa la mtandaoni kwa wakati mmoja. Yeye alisoma hiyo mia tano, akafurahi. Akawagawa wanafunzi katika vyumba vidogo vya humo humo mtandaoni, akidhani nafasi zitapatikana. Wapi! Aliye chumbani bado anahesabiwa. Wifi na wengine wawili wakabaki nje.

"Kesho asubuhi nakata gauni la bibi harusi. Nikiliharibu, nimekwisha!" wifi alilalamika.

Fundi akapekua orodha, machozi yakimlenga. Jina la mdogo wake lilikuwa mara mbili: simu na kompyuta, na kila kifaa kimehesabiwa kama mtu kamili.

"Nyie! Mwenye vifaa viwili akitoe kimoja! Mmoja unakalia viti viwili, makalio mangapi?"

Wanafunzi watatu wenye vifaa viwili wakacheka, wakaziondoa simu zao darasani. Wale wawili wakaingia, na wifi naye akaingia, mkasi mkononi.

"Wifi, nisamehe. Ada nakurudishia."

"Achana nayo. Nimeshaingia. Nionyeshe shingo inavyokatwa."