La Kutanguliza

Nilitoka kwenye ofisi ile ya Kitale nikiwa nimepewa kazi ambayo sikuiomba, nikasimama kando ya barabara nisijue kama nicheke au nilie. Nilikuwa nimeomba kuwa msaidizi wa madarasa ya akina mama. Bibi wa Kizungu aliyenihoji alifungua bahasha yangu, akasoma karatasi ya juu, akatabasamu kwa furaha ya kweli, akaniambia kwamba kazi ile ameshapewa mwingine ila yeye mwenyewe ana watoto wawili nyumbani na yaya wake ameacha kazi juzi. Mshahara mzuri, alisema. Na chumba cha nyuma.

Karatasi ya juu ilikuwa cheti cha memsabu wangu wa Endebess, aliyeniandikia alipokwenda likizo kwao Ulaya kwamba mimi ni yaya msafi, mpole, nisiyeiba sukari. Chini yake kulikuwa na vingine sita. Sikuelewa kosa liko wapi. Wakati ule sote tuliofanya kazi kwa Wazungu tulijua sheria moja: usiache cheti hata kimoja nyumbani. Ukiacha cha miaka fulani, watauliza miaka ile ulikuwa wapi, na jibu wanalo tayari, yaani jela, au ulifukuzwa kwa wizi. Kwa hiyo unavifunga vyote kwa kamba, kipya juu, unavipeleka. Ndivyo nilivyofanya, na barua yangu ya kurasa nne nikaiweka chini kabisa kwa heshima.

Barua ile ilikuwa na kila kitu. Kwamba nilisaidia wakunga kwenye wodi ya wazazi ya misheni kwa miaka minne. Kwamba najua kushona kwa cherehani na kwa mkono, na nimeshona gauni za arusi. Kwamba naoka mkate na keki. Kwamba nasema Kibukusu, Kiswahili, Kiingereza cha kutosha, na Kikuyu nilichokiokota kwa majirani wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba. Kwamba nafundisha shule ya Jumapili, naendesha baiskeli, naandika hesabu ya maziwa. Hakuna uongo hata mmoja. Niliona kwamba mtu anayetafuta msaidizi wa akina mama akisoma haya atasema, huyu ametumwa na Mungu. Badala yake akaona yaya.

Lazima niseme kwa nini jambo hili liliniuma hivyo. Nilikuwa na binti wa miaka mitano, na hakuwa nami. Baba yake alikufa kabla hajaanza kutambaa. Pale Endebess yaya hakuruhusiwa kukaa na mtoto wake kwenye chumba cha nyuma, eti angeleta kikohozi kwa watoto wa nyumba kubwa. Kwa hiyo nililea wa wengine, na wangu alilelewa na mama yangu kule Bumula. Nilimwona Krismasi na Pasaka. Alimwita mama yangu mayi, yaani mama, na mimi akaniita yule wa Kitale. Chumba kingine cha nyuma ndicho kitu cha mwisho nilichokitaka duniani, kwa hiyo sikurudi kwa bibi yule.

Kaka yangu alikuwa karani kwenye stesheni ya Kitale, upande wa mizigo, na ndiye aliyenipigia taipu ile barua. Nilimwendea siku hiyo hiyo nikiwa nimekasirika, kama kwamba yeye ndiye aliyeniajiri. Alinisikiliza huku akila mahindi ya kuchoma. Kisha akaniambia kwamba baraza la Bungoma linatafuta msaidizi kama huyo huyo, wa kuzunguka na vikundi vya akina mama, na kazi ile ina nyumba. Nyumba ya matofali, yenye vyumba viwili na jiko.

Nikamwambia apige tena barua ile ile, ila safari hii aiweke juu ya vyeti. Akakataa.

"Dada, mimi naona barua kila siku," akasema. "Mkubwa anasoma juu tu. Harafu anageukia wale wengine walio naye mezani, anawaambia wewe ni nani kwa maneno mawili. Kama hukumpa hayo maneno, si anatafuta yake?"

Nikamuuliza basi nimpe yapi. Akasema Kiingereza, ndicho kinachofungua milango. Nikaenda kwa mchungaji, akasema tabia njema ya Kikristo, hayo mengine yatafuata. Memsabu, ambaye sikumwambia ninataka kuondoka bali nilimuuliza kijanja ninafaa kwa nini hasa, alifikiri kidogo akasema keki ya limau. Kila mtu alikuwa na mimi yake. Nililala nikiwa na watu saba kichwani, wote ni mimi, wote wanataka kukaa mbele.

Nilijaribu kuchagua. Nikaandika kushona na Kiingereza, nikachana. Nikaandika ukunga na keki, nikaona aibu. Kila nilipoliacha jambo moja nje nilisikia kama namsaliti mtu. Kushona hasa. Cherehani niliifunza mikono yangu kwa shida, na gauni zangu zilikuwa zinajulikana mpaka Ndalu. Isitoshe, nikiacha kitu, si ndiyo ile miaka itaonekana haina mtu? Hofu ya vyeti ilikuwa imeniingia mpaka kwenye mifupa. Siwezi kusema nilikuwa nawaza. Nilikuwa nazunguka tu.

Pasaka ilipofika nilienda Bumula bila barua yoyote. Binti yangu alijificha nyuma ya nguo ya mama yangu. Nilikuwa nimemletea kipande cha keki, akakipokea kwa mkono ulionyooka mbali na mwili, jinsi mtu anavyompa mbwa asiyemjua.

Jioni nilimlalamikia mama. Yeye hakujua kusoma na sikutegemea ushauri. Lakini aliposikia nikitaja kikundi cha akina mama alikunja uso akasema cha pale kwao anakijua, alikuwa ndani yake, na kilikufa. Nikamuuliza kilikufaje. Akasema alitumwa msichana mmoja wa mbali, nadhifu, akawafundisha kutarizi vitambaa vya meza. Meza yenyewe wengi hawana. Alisema Kiswahili kizito, wazee wanatikisa kichwa tu. Na waliokuja na watoto wenye homa waliambiwa wakae nje, wasichafue vitambaa. Wakakaa nje mara mbili, mara ya tatu wakakaa kwao.

"Kushona tulipata," mama akasema. "Mtu wa kutuambia mtoto akihara tufanye nini, na atuambie kwa maneno yetu, huyo hatukupata."

Nilikaa na maneno yale. Sidai kwamba yaliniondolea utata, kwa sababu niliposhika kalamu kesho yake bado nilibishana. Lakini sasa nilikuwa na swali jingine. Siku zote nilikuwa nimejiuliza ni jambo gani ninalolijua vizuri kuliko yote, na hapo kushona kulishinda kila mara. Sikuwahi kujiuliza kule ninakotaka kwenda wanaumwa wapi.

Nikatanguliza matatu. La kwanza, ile wodi: miaka minne ya kuhudumia wazazi na watoto wachanga, nikaeleza jinsi nilivyofundisha akina mama kuchemsha maji na kumnywesha mtoto anayehara kidogo kidogo, mpaka wakajifunza kuja mapema. La pili, lugha ya kwetu, kwamba naweza kuyasema yote haya kwa Kibukusu kwa mama ambaye hajaingia darasani. La tatu lilikuwa jambo ambalo katika zile kurasa nne halikuwamo hata kidogo, kwa kuwa sikulihesabu kuwa kazi: kila Jumapili mchana pale laini ya Endebess wanawake walikaa nami na watoto wao, Wabukusu, Wakikuyu na Waturkana, tukafunzana, na hapakuwa na mtu aliyetulipa wala kutulazimisha, nao wakaendelea kuja. Kushona, keki na baiskeli vilipata mstari mmoja mwishoni. Miaka yangu yote niliipanga kwa mfululizo mfupi ili pasiwe na pengo, na vyeti nikasema vipo, nitavileta nikiitwa.

Kaka alipomaliza kupiga taipu akaishika ile karatasi moja kwa ncha za vidole.

"Ati hii tu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, hii tu.

Niliitwa. Bungoma walikuwa watatu mezani, bibi mmoja wa Kizungu na madiwani wawili wazee ambao hawakusoma Kiingereza. Bibi aliipitia barua yangu kwa macho, kisha akawageukia akawaambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika kwamba huyu ni yule wa watoto wagonjwa, anajua lugha yenu, wanawake wanamfuata. Nikajua kaka alisema kweli. Diwani mmoja akanisalimu mulembe na kuniuliza kwa Kibukusu mtoto wa mjukuu wake afanyiwe nini, ana kuhara siku ya pili. Nikamuuliza kama anakojoa, kama macho yameingia ndani, nikamwambia ampeleke hospitali leo, na njiani wamnyweshe. Hapo ndipo bibi akauliza kama pia nashona. Nikasema nashona. Hakuuliza zaidi, na mimi, Mungu anajua nilivyojizuia, sikuongeza. Vyeti vyangu vilibaki kwenye kikapu vimefungwa kamba.

Nilipata kazi. Nilipata nyumba ya matofali. Mwezi huo huo mama akamleta binti yangu na furushi lake dogo, akanywa chai, akaondoka upesi ili mtoto asimwone analia.

Tukabaki wawili. Nami, baada ya yote niliyojifunza, nikafungua bahasha nzima. Nikamwonyesha gauni nililomshonea. Nikamkatia keki. Nikamwimbia nyimbo za Jumapili, nikampandisha kwenye baiskeli, nikamwambia neno la Kikuyu la kuchekesha. Nilitaka aone yote, aone mama aliye naye, miaka yote mitano kwa mchana mmoja. Alinitazama kwa uso wa mtu anayesomewa kurasa nne. Kisha akaanza kulia, akimwita mayi, na mayi hakuwa mimi.

Nilikaa chini sakafuni. Sikujua anaumwa wapi, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza ila yeye. Nikamuuliza nyumbani mayi humfanya nini wakati wa kulala. Alilia kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Akasema humkuna mgongo.

Nikaliondoa gauni kitandani. Nikamkuna mgongo, bila kuimba, bila kusema lolote. Hakuniita mama usiku ule wala wiki ile. Lakini nilipousimamisha mkono nikidhani amelala, akausukuma mgongo wake nyuma, kwangu.